Kisigino Nje ya Kandambili

Swali: Msomaji wa Nachingwea amenunua kandambili, na kisigino kinatokeza nyuma kidogo. Je, zitamfaa kwa safari ya Ruangwa?

Jibu: Milimita mbili tatu zinavumilika nyumbani, si safarini. Uzito hutua kisiginoni kila hatua, na ukingo wa soli hukandamiza nyama hadi ngozi ipasuke. Vidole kuzidi soli ni hapana kabisa: vitakutana na mawe.

Apime jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, akiwa amesimama, kisha atembee, maana mguu huteleza. Mbele ya kidole kirefu zaidi (si lazima kiwe gumba) ibaki nusu sentimita hadi moja. Ikizidi sana, ncha hujikunja na kumkwaza.

Katambuga zina nafuu: fundi huweza kuchora unyayo wa mteja aliyesimama, ndipo akakata tairi. Kandambili hizo azibadilishe, achukue namba moja juu.