Uongo Uliolisha Siklagi

JUMANNE

Soma 1 Samweli 27:5–12. Daudi alimwambia Akishi nini, na ukweli ulikuwa upi?

Akimkimbia Sauli, Daudi alihamia na watu wake 600 kwa Akishi, mfalme wa Gathi, naye akampa mji wa Siklagi. Kutoka huko Daudi aliwapiga Wageshuri, Wagirizi na Waamaleki, akarudi na kondoo, ng'ombe, punda, ngamia na mavazi. Akishi alipouliza walikoshambulia, Daudi alitaja Negebu ya Yuda, au ya Wayerameeli, au ya Wakeni. Alidai kuwapora ndugu na rafiki za taifa lake, kumbe aliwapiga adui zao.

Uongo huo ulileta faida. Familia za Siklagi zilipata riziki, na miji ya kusini mwa Yuda ikapunguziwa maadui. Akishi naye aliridhika, akidhani Daudi amechukiwa na Waisraeli na atakuwa mtumishi wake daima.

Lakini fungu la 11 laonyesha gharama. Daudi hakumwacha hai mwanamume wala mwanamke, asije mtu akapeleka habari Gathi. Ili uongo usigundulike, watu walikufa.

Soma 1 Samweli 28:1, 2; 29:1–11; 30:1–6. Uongo huo ulimfikisha Daudi wapi?

Kwa kuwa Akishi aliusadiki, alimtaka Daudi aende naye kupigana na Israeli. Daudi hakuweza kukataa bila kujifichua, hivyo akajibu kwa maneno ya mafumbo na kuandamana na jeshi hadi Afeki. Kilichomnusuru ni mashaka ya wakuu wa Wafilisti, ambao walidai arudishwe. Lakini huku nyuma Siklagi ulibaki bila watetezi. Waamaleki waliuteketeza kwa moto, wakachukua mateka wanawake na watoto, wakiwamo wake wawili wa Daudi. Watu waliokuwa wakila nyara zake sasa walisema apigwe kwa mawe.

Soma 1 Samweli 27:1 na 30:7, 8, 18, 19, 26–31. Ni badiliko gani unaloliona?

Alipoamua kwenda kwa Wafilisti, Daudi alishauriana na moyo wake mwenyewe. Kwenye majivu ya Siklagi alimwomba Abiathari naivera, akamwuliza Bwana. Mateka wote walipatikana. Kisha akatuma zawadi kwa wazee wa Yuda, na pia kwenye miji ya Wayerameeli na Wakeni, wale wale aliodai kuwapora.

Wake na watoto wa Siklagi walirudi nyumbani. Wale waliouawa ili wasiseme hawakurudi.

Kwa mjadala: Mtu anaposema uongo kwa faida ya jamaa yake, ni nani mwingine anayeulipia? Daudi angeweza kusema nini Akishi alipouliza mara ya kwanza, na kingemgharimu nini?