Kabla ya kusambaza picha ya maafa, soma namba ya gari

Tarehe 22 Mei 2023 ilienea mtandaoni picha ya moshi mweusi kando ya jengo, ikidaiwa kuwa Pentagoni, makao makuu ya jeshi la Marekani, imelipuliwa. Soko la hisa huko liliyumba kwa muda mfupi. Zimamoto wa Arlington, eneo lilipo jengo hilo, wakakanusha. Waliokagua picha waliona uzio ulioyeyukiana na vizuizi vya jirani yake, na jengo lisilofanana na Pentagoni. Zaidi ya yote, hapakuwa na shahidi wala picha nyingine. Mahali penye watu na simu nyingi hivyo, mlipuko wa kweli ungepigwa picha kutoka kila upande.

Sasa tuseme mvua inanyesha Dar es Salaam, na kundi la mtaa la WhatsApp linapokea picha ya daladala zikielea: "Jangwani sasa hivi, hameni!" Usikimbilie kuhesabu vidole vya watu, mashine za akili mnemba za siku hizi huvichora vizuri. Ikuze picha, usome maandishi yaliyomo. Namba ya daladala huanza na T, kisha tarakimu 3 na herufi 3. Mashine mara nyingi huziparaganya, au huandika kwenye vibao vya maduka herufi zisizosomeka katika lugha yoyote. Tazama na usukani: kwetu uko kulia, lakini mashine iliyofundishwa kwa picha nyingi za nje inaweza kuuweka kushoto.

Ila picha ikipita ukaguzi huu bado haijathibitika. Jangwani hufurika kweli, kwa hiyo unaweza kuletewa picha halisi ya miaka iliyopita yenye maneno mapya. Ipitishe kwenye Google Lens uone kama iliwahi kutokea kabla ya leo. Isipoonekana popote, hilo nalo si ushahidi, maana picha iliyotengenezwa saa moja iliyopita haitakuwa na historia.

Chunguza pia alama ya mishale miwili juu ya ujumbe. Maana yake umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia, na aliyekutumia pengine hajui ulikoanzia. Muulize waziwazi: "Ndugu, umeona mwenyewe au umetumiwa?" Akisema ametumiwa, mpigie mtu unayemfahamu anayeishi Magomeni au Kigogo, atazame nje. Kama ujumbe unataja Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, fungua kurasa zao wenyewe uone kama tahadhari hiyo ipo, kwa tarehe na maeneo yaleyale.

Usipopata jibu, usiirushe picha kwenye kundi lingine kwa kuuliza "hii ni kweli?" Itasafiri na swali lako litabaki nyuma. Andika kwa maneno: "Kuna picha ya mafuriko Jangwani, haijathibitishwa. Aliye karibu atuambie maji yamefika wapi."