Yai, maikrowevu na sekunde sitini

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka hosteli, pole na hilo lengelenge mdomoni. Unasema yai lilikuwa limeshachemshwa jana, ukalipasha moto kwenye maikrowevu, ukalimenya, halikufanya lolote. Ulipoling'ata tu, pwaa! Na wenzako wanakucheka kwamba umelogwa. Hujalogwa. Ndivyo mayai yanavyofanya kwenye mashine hiyo, na pengine hulipuka baada ya kutoka ndani yake, ukishajiona salama.

Mwaka 2017, wataalamu wa sauti wawili wa Marekani walipasha karibu mayai 100 ya kuchemsha, yakiwa ndani ya maji. Takriban theluthi yalilipuka yakiwa yameshatolewa, yalipochomwa tu. Walipopima joto, waliona kiini kina moto kuliko maji yaliyolizunguka yai. Hapo ndipo penye siri. Kiini kina maji mengi, na yale maji hupata moto kupita kiwango cha kuchemka bila kuchemka, kwa sababu yamebanwa pande zote. Ukiuma au ukichoma, unayafungulia mlango, na yote yanageuka mvuke mara moja.

Kwa hiyo yai zima lenye ganda lisiingie kabisa, bichi wala lililoiva. Najua kuna wanaotoboa ganda kwa sindano wakidhani wamemaliza kazi. Tundu la ganda halifiki kwenye kiini, na kiini ndicho chenye balaa. La kuchemsha likipoa, likate vipande ndipo ulipashe, au lile hivyo hivyo na chumvi.

Sasa tuje kwenye la kupika. Kwanza geuza mashine yako, au fungua mlango, usome kibandiko. Utakuta namba mbili za wati. Kubwa ni umeme inaoula, ndogo ni nguvu inayofika kwenye chakula. Shika hiyo ndogo. Nyingi za hosteli ni wati 700, na dakika nitakazokupa ni za hiyo. Kama yako ni 1000, punguza muda karibu theluthi.

Yai la kupika ndani ya maji bila ganda: tia maji nusu kikombe kwenye kikombe cha udongo kisicho na urembo wa dhahabu. Vunja yai polepole litumbukie, lifunikwe na maji kabisa; likichungulia juu, ongeza maji. Chukua kijiti cha meno, toboa kiini mara mbili tatu. Usiogope, hakitamwagika chote, ila utakuwa umeupa mvuke pa kutokea. Funika kwa kisahani bila kubana, weka sekunde 60. Acha ndani nusu dakika bila kufungua, kisha tazama. Ute ukiwa bado unang'aa kama maji ya mlenda, ongeza sekunde 10, uache tena, utazame tena. Ukiweka sekunde 30 za ziada kwa haraka yako, ndipo utakaposikia kishindo na kukesha ukisugua dari ya mashine. Ukitoa, shika kikombe kwa kitambaa, uso ukiwa mbali, na uliepue yai kwa kijiko chenye matundu. Mjamzito, mtoto mdogo au mgonjwa apikiwe mpaka kiini kiwe kigumu.

La kuvuruga ndilo rahisi zaidi, na kwa anayeanza ndilo ninalompendekezea, maana ukishapiga kiini hakuna tena pa kubana mvuke. Piga mayai mawili na vijiko viwili vya maziwa na chumvi kwenye bakuli lenye kina, maana yatafura. Sekunde 45, toa, koroga kwa uma ukikwangua pembeni, kwa kuwa pembeni huiva kwanza na katikati hubaki uji. Rudisha sekunde 30, koroga tena. Yakiwa bado yana unyevunyevu kidogo na hakuna maji maji yanayotiririka, toa! Acha dakika moja, joto lililomo litamalizia. Wengi husubiri yakauke ndani ya mashine, matokeo yake ni mayai magumu yanayoruka kama mpira na maji chini ya bakuli. Siagi au kitunguu kilichokwisha kuiva tia sasa, si mwanzo. Kitunguu kibichi hakitaiva kwa sekunde hizo 75.

Swali lako la mwisho, kama unaweza kukaanga yai jicho la ng'ombe humo humo. Inawezekana, kwa sahani yenye mafuta kidogo, kiini kimetobolewa, nguvu imeshushwa nusu, na umefunika. Lakini mimi nakwambia ukweli: ladha yake haifikii ya kikaangio, na hatari ni ileile. Kama jirani ana jiko, kaazime.