SOMO LA BIASHARA NDOGO: JINSI YA KUPATA BEI YA KEKI ZA NYUMBANI

Mama akiokaye keki nyumbani ili aziuze hujua vema bei ya unga na bei ya mayai, kwa kuwa vitu hivyo hununuliwa kwa fedha taslimu. Lakini yako mambo mengine yanayokula fedha yake kimya kimya: makaa yaliyotolewa katika gunia la nyumbani, vikombe vya karatasi vilivyonunuliwa mwezi uliopita, na saa alizosimama jikoni. Mambo hayo asipoyahesabu, huenda akauza keki zake zote kila siku na asijue kwa nini mkebe wake wa fedha haujai. Katika somo hili tutafuata hesabu moja tangu mwanzo hata mwisho, ili kila msomaji aweze kuifanya kwake kwa bei za soko lake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa mama aishiye karibu na Karatina, ambaye huoka keki ndogo za vikombe vya karatasi na kuziuza asubuhi kwenye kituo cha magari. Anayo oveni ya bati itumiayo makaa, nayo hupokea keki 15 kwa mara moja. Donge lake moja hutoa keki 30, yaani huoka mara mbili. Huziuza Sh. 20 kila moja, kwa sababu hiyo ndiyo bei aliyoikuta kwa wenzake.

Vitu vya kuokea

Jambo la kwanza ni kuandika vitu vinavyoingia katika donge. Yafaa kuhesabu kile kilichotumika tu, wala si pakiti nzima iliyonunuliwa. Akinunua unga kilo 2 kwa Sh. 180, na akatumia nusu kilo, basi unga wa donge lile ni Sh. 45. Bei zifuatazo ni za mfano:

Unga wa ngano, nusu kilo: Sh. 45
Majarini, robo kilo: Sh. 95
Sukari, robo kilo: Sh. 40
Mayai 5: Sh. 70
Maziwa, mililita 200: Sh. 24
Bekingi pauda, vijiko 4 vya chai: Sh. 16
Vanila, chumvi na mafuta ya kupaka: Sh. 10
Jumla: Sh. 300

Hapa ndipo mama wengi huishia. Mama wetu naye alikuwa akihesabu hivyo. Alikuwa akioka keki 30, mbili zikiungua au kuvunjika, akauza 28 kwa Sh. 20 na kupata Sh. 560. Akitoa Sh. 300 alizowapa wenye duka, alibakiwa na Sh. 260, akaziita faida. Sasa na tuone fedha hizo zilikuwa za nani.

Moto

Makaa ni vigumu kuyahesabu kwa macho, lakini ni rahisi kuyapima. Siku ya kuoka, jaza mkebe wa makaa mpaka pomoni na uweke kando. Tumia makaa ya mkebe huo tu. Kazi ikiisha, tazama yaliyobaki. Fanya hivyo siku tatu, kwa maana siku ya mvua makaa huwa na unyevu na huliwa mengi zaidi. Mama wetu aliona kwamba donge moja humaliza mkebe mmoja wa Sh. 90. Atumiaye gesi naye aandike tarehe aliyofungua mtungi, ahesabu ametoa madonge mangapi hata ukaisha, kisha agawe bei ya gesi kwa hesabu hiyo. Kama mtungi huo hupikia chakula cha nyumbani pia, itambidi aupime kwa mizani kabla ya kuoka na baada ya kuoka.

Vikombe na mifuko

Vikombe 30 vya karatasi ni Sh. 45, na mifuko midogo ya kaki ni Sh. 30, jumla Sh. 75. Wengine hudhani kwamba wataokoa fedha kwa kufungia keki katika mifuko ya plastiki. Ikumbukwe kwamba tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea na kufungia bidhaa za dukani na za nyumbani imepigwa marufuku katika Kenya, na adhabu yake ni kubwa mno kwa mwuza keki. Karatasi basi ihesabiwe katika bei.

Tena viko vyombo. Trei na mabati ya kuokea hayaliwi kwa siku moja, lakini yanaliwa. Kama yalinunuliwa kwa Sh. 1,200, na mama akikadiria kwamba yatatoa madonge 120 kabla ya kuharibika, basi kila donge lina deni la Sh. 10.

Kazi ya mikono

Hili ndilo lisahauliwalo kuliko yote, kwa kuwa hakuna mtu ajaye mlangoni kuidai. Mama wetu aliazima saa akaandika: kupima na kuchanganya, dakika 50, kuoka mara mbili, dakika 70, kuosha vyombo na kufunga keki, dakika 45, kwenda kituoni na kurudi, dakika 45. Jumla ni saa tatu na nusu. Dakika za kuoka alizihesabu zote, kwa sababu oveni ya makaa haiachwi peke yake. Ukigeuka kidogo keki za nyuma zimekuwa nyeusi.

Je, saa moja ya kazi yake ina thamani gani? Asijipangie tu kwa kutaka. Na ajiulize: nikienda kufanya kibarua kwa jirani, nitalipwa kiasi gani? Ikiwa kibarua cha saa nane hulipwa Sh. 400, basi saa moja ni Sh. 50, na saa tatu na nusu ni Sh. 175.

Sasa jumla yote yaonekana: vitu 300, makaa 90, vikombe na mifuko 75, vyombo 10, kazi 175. Donge moja lina gharama ya Sh. 650.

Turudi kwenye zile Sh. 260 zilizoitwa faida. Ndani yake mna makaa, karatasi na vyombo, yaani Sh. 175. Kilichobaki ni Sh. 85 tu, na hicho ni ujira wa saa tatu na nusu, yaani kama Sh. 24 kwa saa. Mama huyo alikuwa akijilipa chini ya nusu ya ujira wa kibarua, na faida hakuwa nayo hata senti moja.

Gawanya kwa keki zinazouzika

Gharama ya keki moja haipatikani kwa kugawa 650 kwa 30. Keki iliyoungua haina mnunuzi, lakini imekwisha kula unga na makaa. Zinazouzika ni 28, na 650 ukigawa kwa 28 ni Sh. 23 na senti 21. Hii ndiyo bei ambayo chini yake mama anamlipia mnunuzi wake keki.

Angalia pia mkono unaotia donge katika vikombe. Donge hili lina uzito wa karibu gramu 1,450, na kila kikombe kinastahili gramu 48 hivi. Mkono ukizidisha kidogo, keki 30 hugeuka kuwa 26, na zilizo nzima huwa 24. Ndipo kila moja itakapokuwa na gharama ya Sh. 27. Dawa yake ni kutumia kijiko kimoja kilekile cha kupimia kila siku. Ukiona idadi ya keki inapungua ilhali vipimo ni vilevile, tafuta kosa katika kijiko.

Faida iliyo haki

Ujira na faida ni vitu viwili. Ujira ni wa mikono, nao huingia katika mfuko wa mama. Faida ni ya biashara: ndiyo inunuayo oveni mpya, na ndiyo ibebayo hasara ya siku ya mvua wasafiri wasipoonekana kituoni. Mama wetu alichagua sehemu 20 katika kila 100 ya gharama. Sehemu 20 za 650 ni Sh. 130, jumla 780. Gawa kwa 28, upate karibu Sh. 28. Kwa kuwa chenji ya shilling mbili ni taabu asubuhi, bei yake ikawa Sh. 30.

Lakini soko lina maneno yake. Kama wenzake wote wanauza Sh. 20, wanunuzi wengine watamwacha. Afanyeje? Asipunguze ujira wake kwa siri, bali atazame ni wapi gharama yaweza kushuka kweli. Mama wetu aliona kwamba oveni ikiisha kupata moto, donge la pili halihitaji mkebe mzima wa makaa, nusu yatosha. Tena aliweza kuchanganya donge la pili wakati la kwanza likiokwa, na safari ya kituoni ni ileile moja. Alichunga tu asilichanganye mapema mno, kwa maana donge lenye bekingi pauda likikaa sana kabla ya kuokwa halifuri vizuri.

Kwa madonge mawili, hesabu yake ni hii: vitu 600, makaa 135, vikombe na mifuko 150, vyombo 20, na kazi ya saa tano 250. Jumla ni Sh. 1,155 kwa keki 56 zinazouzika. Kila moja ni Sh. 20 na senti 63. Akiongeza faida ileile ya sehemu 20 katika 100, anapata karibu Sh. 25. Bei imeshuka kwa shilling tano, wala hakuna aliyepunjwa.

Hata hivyo njia hii ina hatari yake. Kwa bei ya Sh. 25, gharama yote hurudi anapouza keki ya 47. Zikibaki kumi, faida imekwisha na ujira umeanza kuliwa. Kwa hiyo asioke madonge mawili kila siku kwa kuwa hesabu ni nzuri kwenye karatasi. Na aandike kwa muda wa wiki mbili keki ngapi zinauzwa kila siku. Siku ambazo wanunuzi hawafiki 47, aoke donge moja tu na auze kwa Sh. 30 kwa wale waliokwisha kuzipenda keki zake.

Mwisho, karatasi ya hesabu ibandikwe ukutani jikoni, ikiwa na mistari sita: vitu, moto, karatasi, vyombo, kazi, na idadi ya keki zilizo nzima. Bei ya mayai au majarini ikibadilika, mstari mmoja tu ndio utakaofutwa na kuandikwa upya. Majarini ikipanda Sh. 20 kwa robo kilo, keki moja imepanda kwa senti 71, na kwa bei ya Sh. 30 mama anaweza kuvumilia. Lakini mabadiliko ya namna hiyo yakija matatu kwa pamoja, karatasi itamwambia mapema, kabla mkebe wa fedha haujamwambia.