Pointi ya mapumziko imenishusha?

*Tulikuwa wachezaji 9 kwenye mashindano ya sataranji ya raundi 5. Raundi ya kwanza sikupangiwa mpinzani, nikapewa pointi 1. Mwishoni mimi na rafiki yangu tulipata 3.5 kila mmoja, lakini yeye akawekwa juu yangu. Je, nimeonewa? — Namba 9*

Pole, Namba 9. Unavyoeleza, hapana. Raundi ya kwanza ya mfumo wa Uswisi hugawa orodha ya viwango katikati: mkiwa 9, wa 1 hukutana na wa 5, wa 2 na wa 6, na wa mwisho hubaki peke yake. Baadaye wenye pointi sawa hukutanishwa, bila kurudia mpinzani, na mapumziko huenda kwa mwenye pointi chache zaidi ambaye hajayapata.

Mkilingana, mara nyingi hutumika Buchholz, yaani jumla ya pointi za mwisho za wapinzani wako. Tuseme wako wanne walimaliza na 3, 2.5, 2 na 1.5: jumla 9. Kwa raundi uliyopumzika, kanuni za FIDE hukuwekea mpinzani wa kufikirika mwenye pointi zako mwenyewe, 3.5. Unafika 12.5. Rafiki yako, tuseme alikutana na bingwa na wapinzani wake walimaliza na 4.5, 3, 3, 2.5 na 1.5, ana 14.5.

Muombe mwamuzi akuonyeshe hesabu hiyo. Kama raundi yako ya mapumziko imehesabiwa sifuri, au kanuni za mashindano zilitaja kigezo kingine, kata rufaa kabla matokeo hayajathibitishwa. Ukipumzishwa mara ya pili, lalamika papo hapo, kabla raundi haijaanza.