Kuandaa selo kwa anayeanza

Kijana mmoja wa kwaya alilalamika kuwa gumba lake la kushoto linauma. Tukatazama mkono, kumbe kosa lilikuwa kwenye kiti. Kilikuwa kifupi, magoti yakapita nyonga na kusukuma selo mbele, naye akaishika kwa gumba isianguke.

Kwa hiyo tuanze na kiti. Mwanafunzi aketi ukingoni, nyayo zote chini, magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Huyu tulimwekea ubao juu ya kiti.

Pili, mguu wa chuma ulio chini ya selo. Tuuvute mpaka ukingo wa juu wa selo uguse kifua katikati, na kigingi cha uzi mnene kuliko zote kiwe nyuma ya sikio la kushoto. Akilazimika kuinama, mguu ni mfupi. Kisha tukaze skrubu.

Mwisho, mkono wa kushoto. Vidole vijikunje kama vimeshika chungwa, gumba liguse tu nyuma ya shingo ya selo, mkabala na kidole cha kati. Tumwambie aondoe gumba huku akibonyeza uzi. Selo ikiyumba, turudi kwenye kiti. Ya kijana wetu ilitulia.