Nilibonyeza 'nunua' bei ilipokuwa juu, ikishuka nikashindwa

*Shangazi, nilikuwa mlinzi Doha kwa miaka kadhaa, nikarudi nyumbani Langas, Eldoret, mwaka 2021, nikafungua karakana ya kuchomelea vyuma. Nilimwagiza meneja wa benki ahamishe shilingi 5,000 kila mwezi hadi kwa dalali wangu wa hisa. Nikawa nanunua Safaricom. Bei ilikuwa zaidi ya 40, ikashuka hadi 30, 20, na mwisho wa 2023 ikawa chini ya 15. Mke wangu aliniuliza mbona nalisha shimo. Nikaacha kununua, na baada ya miezi sita nikafuta agizo la benki. Shilingi 30,000 bado zimelala kwa dalali. Hisa nilizo nazo sikuuza. Sasa bei imepanda tena na roho inaniuma. Nizitie zote kwa mkupuo?*

Mwanangu, pole. Kwanza tuone mahali ulipokwama hasa. Agizo lako la benki lilihamisha pesa tu. Pesa zikifika kwa dalali, kazi ya agizo imekwisha. Hisa hazinunuliwi mpaka wewe mwenyewe ushike simu, uchague kampuni na ubonyeze. Kwa hiyo kila mwezi ulikuwa unaamua upya, na uamuzi huo ulikukuta jioni ile ile ambayo habari ilikuwa mbaya. Sehemu iliyohitaji ujasiri ndiyo uliyobaki nayo mkononi.

Fanya hesabu ya manunuzi matatu ya mfano, tukiacha ada za dalali. Kwa shilingi 5,000, bei ikiwa 40 unapata hisa 125. Ikiwa 25 unapata 200. Ikiwa 12.50 unapata 400. Jumla ni hisa 725 kwa shilingi 15,000, yaani kama shilingi 20.70 kila moja. Siku ya ununuzi wa tatu unaona hasara kubwa, maana mali yako yote ni kama shilingi 9,060. Lakini huhitaji bei irudi 40 ili upone. Mwaka 2025 Safaricom ilivuka 25, na kwa bei hiyo hisa 725 ni shilingi 18,125. Asiyenunua mara ya tatu ana hisa 325 zenye thamani ya 8,125 pamoja na 5,000 alizoziweka, jumla 13,125. Shilingi 5,000 zinazotenganisha watu hawa wawili zilitoka kwenye ule mwezi mmoja wa hofu.

Lakini mke wako hakukosea kuuliza. Bei hushuka kwa sababu mbili zisizofanana. Safaricom ilishuka wakati wageni walipokuwa wakiondoa pesa Nairobi, riba ya Marekani ikipanda na shilingi yetu ikidhoofika, huku kampuni ikibeba gharama za kuanza Ethiopia. Biashara yenyewe iliendelea kupata faida na kulipa gawio. Mumias ilikuwa hadithi nyingine: madeni, kiwanda kusimama, msimamizi wa wadai kuingia Septemba 2019, na hisa kusimamishwa sokoni. Aliyeendelea kununua Mumias kila ilipopungua bei alizidisha tu hasara yake. Usipoweza kusoma hesabu za kampuni, usiweke subira yako yote kwa kampuni moja.

Ndiyo maana ningekuelekeza kwenye mfuko wa hisa wa pamoja, uliosajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Pesa ya agizo ikiingia humo, vipande hununuliwa bila wewe kubonyeza, na hugawanywa kwenye kampuni kadhaa. Mfuko huo una gharama: ada ya usimamizi kila mwaka, ipande bei ishuke. Uliza kiwango chake kabla ya kutia sahihi.

Zile 30,000 usizitupe sokoni kwa sababu roho inauma. Karakana haina mshahara. Januari ina karo, na msimu wa kupanda mahindi wateja wako huwa hawana pesa. Peleka hizo kwenye mfuko wa soko la fedha, ziwe akiba ya dharura. Mtu asiye na akiba huuza hisa zake kwa lazima, na lazima hiyo hupenda kuja wakati bei iko chini.

Kisha andika agizo jipya la kupeleka pesa kwenye mfuko wa hisa. Tazama mwezi wako mbaya zaidi mwaka uliopita, uone kilichobaki baada ya chakula na kodi. Kama ni 2,000, agizo liwe 2,000, hata kama moyo unataka 5,000. Akaunti ikiwa tupu siku ya agizo, agizo hukataliwa na benki nyingi hukutoza. Pesa za karo ya miaka mitatu minne ijayo zisiingie kwenye mfuko huo kabisa. Na mwenzako awepo mnapojaza fomu, ajue tangu leo kwamba kuna mwaka mtakaoona thamani imepungua, na mkubaliane mapema nani atapigiwa simu kabla ya yeyote kulifuta agizo.